Je, wajua: Kwenye barabara za matawi, mzunguko mfupi kuliko yote hupatikana bila kompyuta

Kinjumbi ni kata ya wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Mwenye bodaboda anayesambaza vifurushi huko hukutana kila asubuhi na swali ambalo wanahisabati wamelihangaikia kwa miongo mingi: aanzie wapi, amalizie wapi, ili arudi nyumbani akiwa ametembea kilomita chache iwezekanavyo? Akiwa na wateja watano, kuna mipangilio 120 ya kuwafikia. Wakifika kumi, mipangilio inakuwa 3,628,800. Hakuna anayeweza kuijaribu yote akiwa ameegemea pikipiki, na ndiyo maana watu hutumia kanuni za mkato. Kanuni ya mkato haiahidi jibu bora kila mara. Huahidi jibu zuri kwa muda mfupi.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Umbali uliomo ni wa mfano tu, lakini umbo la barabara ni la kawaida kabisa vijijini Kilwa: njia chache, kila moja ikiishia mahali fulani, na mabonde yanayotenganisha watu wanaoonana kwa macho.

Msafirishaji wetu anaanzia kituoni. Upande mmoja, kilomita 4 kutoka kituoni, yupo fundi simu anayesubiri vioo. Ukimpita fundi kwa kilomita 10 unafika kwenye mashine ya kusaga inayongoja mkanda mpya, na hapo njia inaishia. Upande wa pili, ukienda kilomita 3 unakuta njia panda. Ukikata kushoto, baada ya kilomita 4 ipo zahanati yenye mzigo wa dawa. Ukinyoosha, baada ya kilomita 2 lipo duka la pembejeo lililoagiza salfa ya mikorosho, na kilomita 3 mbele yake ipo shule inayosubiri vitabu. Kutoka hapo tunapata jedwali la umbali kwa barabara, kwa kilomita:

| | Fundi | Duka | Shule | Zahanati | Mashine |
|---|---|---|---|---|---|
| Kituo | 4 | 5 | 8 | 7 | 14 |
| Fundi | – | 9 | 12 | 11 | 10 |
| Duka | 9 | – | 3 | 6 | 19 |
| Shule | 12 | 3 | – | 9 | 22 |
| Zahanati | 11 | 6 | 9 | – | 21 |

Kanuni ya mkato inayojulikana zaidi ni ya jirani wa karibu: popote ulipo, nenda kwa mteja aliye karibu nawe kuliko wote ambao hujawafikia. Kila mtu huitumia, hata asiyejua kuwa ina jina. Kasoro yake kubwa ya kwanza haimo ndani ya kanuni yenyewe. Imo katika neno "karibu". Karibu kwa nini?

Msafirishaji akitazama ramani ya simu na kukadiria kwa mstari mnyoofu, ataona kwamba shule na mashine ziko kilomita 3 tu kutoka moja hadi nyingine, kwa sababu njia zote mbili hujipinda kuelekea bonde moja. Ataanza kwa fundi, aende dukani, kisha shuleni, na kutoka shuleni atajisemea kwamba mashine iko pale ng'ambo tu, kisha amalizie zahanati. Kwenye karatasi mzunguko huo una kama kilomita 29. Barabarani, mguu wa kutoka shule hadi mashine ni kilomita 22, kwa kuwa bondeni hakuna njia na lazima arudi hadi kituoni. Jumla halisi inakuwa 4+9+3+22+21+7, yaani kilomita 66. Aliyepanga safari ya kilomita 29 atajikuta na tangi tupu kabla dawa hazijafika.

Pwani ya Kilwa inafundisha jambo hilo waziwazi. Kilwa Kisiwani unaiona kwa macho kutoka Kilwa Masoko, lakini pikipiki haikufikishi. Ni chombo cha majini. Na kutoka Kilwa Kivinje kwenda Masoko hakuna njia ya gari inayofuata ufuko: unarudi kwanza hadi barabara inayotoka Nangurukuru, ndipo unashuka kusini.

Sasa turudie kanuni ileile ya jirani wa karibu, safari hii kwa jedwali letu la barabara. Kutoka kituoni aliye karibu ni fundi, kilomita 4. Kutoka kwa fundi, duka liko kilomita 9 na mashine kilomita 10, basi kanuni inamtuma dukani. Kutoka dukani anakwenda shuleni, 3. Kutoka shuleni anakwenda zahanati, 9. Imebaki mashine, kilomita 21, kisha kurudi nyumbani, 14. Jumla ni kilomita 60. Ameokoa 6 kwa kubadili jedwali tu.

Bado kuna hasara, na ni rahisi kuiona ilipo. Alipofika kwa fundi alikuwa tayari ameingia kwenye njia ya mashine. Akageuza kwa ajili ya kuokoa kilomita moja, 9 badala ya 10, na mwisho wa siku akalazimika kuipita tena ile njia ya fundi, kwenda na kurudi. Kilomita 4 mara mbili ni 8. Huu ndio ugonjwa wa jirani wa karibu: hutazama hatua moja mbele, na mteja aliyerukwa hulipiwa mwishoni kwa mguu mrefu. Dalili yake ni hiyohiyo. Ukiona mguu wa mwisho au wa kabla yake umekuwa mrefu kupita yote, mtafute mteja aliyeachwa, kisha mjaribu mahali pengine kwenye orodha.

Tuihamishe mashine, ikae mara baada ya fundi. Miguu inayoondoka ni fundi hadi duka (9), zahanati hadi mashine (21) na mashine hadi kituo (14): jumla 44. Inayoingia ni fundi hadi mashine (10), mashine hadi duka (19) na zahanati hadi kituo (7): jumla 36. Tofauti ni 8, na mzunguko unashuka hadi kilomita 52. Hesabu hiyo haihitaji kuupima mzunguko mzima upya. Unalinganisha miguu iliyobadilika tu.

Je, kuna mpangilio wa kilomita 51? Kwa kawaida kanuni za mkato haziwezi kujibu swali hilo. Hapa linajibika. Njia zote za mfano wetu huishia mahali, hakuna mzunguko popote. Wanahisabati huuita mtandao wa namna hii mti. Kila kipande cha barabara ya namna hiyo kina mteja ng'ambo yake, kwa hiyo lazima kipitwe angalau mara mbili, kwenda na kurudi. Vipande vyote vikijumlishwa ni 4+10+3+4+2+3, yaani kilomita 26. Mara mbili ni 52. Hakuna mjuzi wala mashine itakayoshuka chini ya hapo.

Kumbe basi kanuni ya mti ni moja: ukiingia tawi, limalize kabla ya kutoka. Ukiifuata hiyo, huna haja ya kulinganisha umbali hata kidogo. Aanze zahanati, aende duka, shule, mashine, kisha fundi: 7+6+3+22+10+4, ni 52. Aanze upande wa mashine, ni 52 vilevile. Uhuru huo una thamani, kwa sababu msafirishaji anaweza kuchagua tawi la kwanza kwa sababu zisizo za kilomita. Dawa ziende mwanzo kabisa. Au mifuko ya salfa ishuke mapema ili pikipiki iwe nyepesi. Bei ya uamuzi huo katika kilomita ni sifuri.

Somo la kupima kwa barabara halikuanzia kwenye bodaboda. Mwaka 1954, George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walichapisha suluhisho la mzunguko wa miji 49 ya Marekani, na umbali walioutumia ulikuwa wa barabara, uliochukuliwa kwenye kitabu cha ramani. Miji saba waliiweka kando tangu mwanzo kwa kuwa ilikuwa njiani tayari, kwenye njia fupi kati ya miji mingine. Wakabaki na miji 42 ya kuhangaikia. Fundi wetu ni wa aina hiyo: yuko njiani kwenda kwenye mashine. Duka nalo liko njiani kwenda shuleni.

Kanuni ya tawi hukoma pale mti unapoacha kuwa mti. Tuseme kiangazi kimekausha bonde, na njia ya kilomita 5 imefunguka kati ya shule na mashine. Mtu akishikilia orodha yake ya masika, fundi, mashine, duka, shule, zahanati, atatembea 4+10+8+3+9+7, yaani 41. Akibadilishana duka na shule, fundi, mashine, shule, duka, zahanati, inakuwa 4+10+5+3+6+7, kilomita 35. Kugeuza kipande cha orodha namna hii ndiyo marekebisho ambayo G. A. Croes aliyaeleza mwaka 1958, na bado programu nyingi za kupanga safari huyatumia. Jambo la kuangalia ni kwamba wakati wa masika kugeuza huko hakubadilishi chochote, 52 inabaki 52. Kwenye mti mpangilio wa ndani ya tawi hauleti tofauti, mradi kila tawi dogo limalizwe kabla ya kutoka. Kwenye barabara inayozunguka unaleta tofauti kubwa.

Kwa hiyo kazi kubwa imo kwenye jedwali kuliko kwenye kanuni. Namba za kuaminika zaidi hutoka kwenye mita ya pikipiki. Ramani huria ya OpenStreetMap nayo husaidia, lakini mchoraji akiunganisha njia mbili mtoni pasipo daraja, programu itakupitisha majini bila wasiwasi. Makosa mengi hujitokeza kwa vipimo viwili. Umbali wa barabara hauwezi kuwa mfupi kuliko mstari mnyoofu. Na kwenda moja kwa moja hakuwezi kuzidi kupitia kwa mtu wa tatu: kama duka hadi mashine ni 19 na shule hadi duka ni 3, shule hadi mashine haiwezi kuandikwa 25.

Hata jedwali sahihi huzeeka. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, wilayani Kilwa. Siku kama hiyo mguu mmoja hufutika, na mpangilio wowote unaoupitia hufutika nao. Anayefanya kazi hii Kinjumbi anahitaji majedwali mawili, la masika na la kiangazi, na kila kifurushi kinapofungwa aulize kwanza kama njia za leo zinazunguka au zinaishia. Zikiishia, amalize tawi kwa tawi na wa kwanza amchague kwa haraka ya mzigo. Zikizunguka, aanze na jirani wa karibu, kisha autafute mguu mrefu na kuurekebisha hadi hakuna badiliko linalopunguza kilomita.