Mgeni Akijibu "Nzuri" Akanyamaza

Mhudumu mzuri wa mgahawa husalimu kwanza, kisha husikiliza anachorudishiwa. "Habari za mchana, karibu." Mgeni akijibu "Nzuri, za kwako? Leo jua kali kweli," huyo anataka mtu wa kuzungumza naye. Akisema "Nzuri" akaishia hapo, mhudumu atangaze chakula kilichopo na anyamaze.

Tuseme ni saa saba mchana, Kariakoo. Anaingia mzee na bahasha ya karatasi kwapani. Mhudumu kijana anamwamkia, "Shikamoo mzee, karibu." "Marahaba." Mzee anapita meza tatu tupu zilizo jirani na mlango, anakwenda kuketi pembeni, uso ukielekea ukutani, na kuifungua bahasha. Aliyetaka kuona watu asingekaa vile.

Kijana anakuja na birika na beseni la kunawia. Hapa ndipo pa kupima, maana kwa sekunde chache wako karibu na hakuna cha kufanya ila kumimina maji. Mpenda maongezi huinua uso. Mzee huyu anatazama vidole vyake. Basi kijana anauliza yote kwa mkupuo: wali samaki au ugali nyama, pilipili iwepo, maji ya baridi au ya kawaida? Akishajibiwa, hana sababu ya kurudi mara tatu kumkatiza. Wengi hukosea hapo: wanadhani ukarimu ni kupitapita wakiuliza "Kila kitu sawa?" wakati mgeni ana tonge mdomoni.

Simu nayo hudanganya. Anayeisoma huku kainama, mwache. Anayeitazama kisha akatupa jicho mlangoni anamngoja mtu. Ukimuuliza kama mko wawili, utamsaidia. Na mwezi wa Ramadhani, jua likizama, usipime chochote: tende na maji kwanza, salamu ndefu baadaye.

Ukimya wenyewe huenda ni njaa tu. Kwa hiyo mgeni husomwa tena akishakula. Mzee wetu anamaliza, anaegemea kiti, anauliza, "Huyu alikuwa kolekole?" "Ndiyo mzee, katoka Feri asubuhi." Kijana anakomea hapo, anaanza kukusanya sahani taratibu. Mzee akiuliza la pili, bei za samaki siku hizi au kijana kwao wapi, maongezi yamefunguliwa na mwenyewe. Akirudi kwenye karatasi zake, ataletewa bili.

Mteja wa kila siku ndiye mtihani mgumu, kwa kuwa mazoea hulegeza ulimi. "Kama kawaida?" humfurahisha akiwa peke yake. Akiwa na mkewe, msalimu wote wawili na uwape orodha ya vyakula. Habari za yule aliyekula naye wiki iliyopita hazikuhusu, hata kama alikuwa dada yake.