Ushuru wa Saruji na Ushindani wa Kiasi: Mfano wa Soko la Tororo na Busia

1. Utangulizi

Mji wa Tororo umezalisha saruji tangu miaka ya 1950. Leo kiwanda cha Tororo Cement kina jirani wawili mjini humo, Simba Cement na kiwanda cha pili cha Hima Cement, ilhali Kampala Cement huzalisha katika wilaya ya Mukono. Nchini Uganda ushuru wa bidhaa juu ya saruji hutozwa kwa kila mfuko wa kilo 50. Inadhaniwa mara nyingi kwamba wazalishaji na wanunuzi hugawana mzigo wa ushuru wa namna hiyo. Makala haya yanaonesha kwamba, katika soko la wazalishaji wachache, mnunuzi anaweza kulipa zaidi ya ushuru wenyewe na mzalishaji akabaki na faida kubwa kuliko awali.

2. Muundo wa soko

Kwa kufuata Antoine Augustin Cournot, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1838, kila kampuni huchagua kiasi cha kuuza huku ikichukulia kiasi cha wenzake kuwa kimekwisha kuamuliwa. Mahitaji ya soko zima ni:

Q = k·P^(−e)

Hapa P ni bei, Q ni jumla ya mifuko, k ni ukubwa wa soko na e ni unyumbufu wa mahitaji: bei ikipanda kwa asilimia 1, mauzo hushuka kwa takriban asilimia e. Unyumbufu huu haubadiliki katika bei yoyote. Gharama ya kuzalisha mfuko mmoja zaidi ni c, nayo pia haibadiliki.

Kampuni inayoongeza mfuko mmoja hupata bei yake, lakini hushusha bei ya mifuko yake yote mingine. Ikiwa sehemu yake ya soko ni s, pato linaloongezeka ni P(1 − s/e). Kampuni huacha kuongeza pale pato hilo linapolingana na c. Kampuni n zenye gharama sawa huwa na s = 1/n; kwa hiyo:

P = c·ne/(ne − 1)
(P − c)/P = 1/(ne)

Kiasi cha kila kampuni ni k·P^(−e)/n. Jibu hili lipo tu ikiwa ne inazidi 1. Ukubwa wa soko huamua idadi ya mifuko, wala haugusi bei.

3. Hesabu ya mfano

Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, kampuni 4, unyumbufu wa 0.75 na gharama ya shilingi 20,000 za Uganda kwa mfuko. Basi ne ni 3, bei ni 30,000, na theluthi moja ya bei ni faida.

Serikali ikitoza ushuru wa shilingi 1,000, gharama huwa 21,000 na bei 31,500. Mnunuzi ameongezewa 1,500. Mauzo hushuka kwa takriban asilimia 3.6, lakini faida ya kila mfuko hupanda kutoka 10,000 hadi 10,500, yaani asilimia 5. Faida ya jumla huongezeka kwa takriban asilimia 1.2. Sababu ni kwamba ushuru unaompiga kila mmoja kwa pamoja huzilazimisha kampuni zote kupunguza kiasi, jambo ambalo kila moja peke yake isingethubutu kulifanya. Matokeo haya ya faida hutokea pale e inapokuwa chini ya 1. Ikizidi 1, bei bado hupanda kuliko ushuru, lakini faida hupungua.

4. Mpaka wa Busia kama kikomo

Hesabu hiyo inachukulia kwamba hakuna saruji nyingine inayoingia. Tuseme saruji ya Kenya inaweza kufikishwa kupitia Busia kwa shilingi 29,000, kwa wingi wowote. Bei ya ndani haiwezi tena kupita hapo. Ushuru ukitozwa kwa saruji ya ndani peke yake, bei haisogei na faida ya mfuko hushuka kutoka 9,000 hadi 8,000. Ukitozwa pia mpakani, bei hupanda kwa 1,000 kamili.

5. Namna ya kupima

Kiwango cha faida pekee hakimtoshelezi mtafiti, kwa kuwa kinafichua zao la n na e tu. Aidha, umbo la mahitaji ni dhana: kama mahitaji yangekuwa mstari ulionyooka, kampuni hizo 4 zingepandisha bei kwa shilingi 800 tu. Kipimo bora ni kufuatilia bei baada ya gharama ya pamoja kubadilika, kwa mfano bei ya klinka. Ongezeko linalozidi gharama huunga mkono unyumbufu usiobadilika; pungufu huelekeza kwenye mstari, au kwenye kikomo cha mpakani. Ili kutenganisha hayo mawili, bei ya Tororo ilinganishwe na gharama ya kufikisha mfuko kutoka Busia.

6. Hitimisho

Kwa mshauri wa sera, swali la nani atalipa ushuru wa saruji halijibiwi na kiwango cha ushuru. Hujibiwa na idadi ya washindani, umbo la mahitaji, na kama mfuko wa Kenya unaweza kuvuka Busia kwa bei iliyo chini ya ile ambayo kampuni za ndani zingeifikia zenyewe.