Vipimo vya Volti Kuingia Kumbukumbuni bila Kumshughulisha Prosesa

Chipu ya STM32F103 ina kigeuzi, ADC, kinachopima volti kwenye pini na kuigeuza kuwa namba kati ya 0 na 4095. Kila namba huwekwa katika rejista moja tu, `ADC1->DR`. Isipochukuliwa mapema, kipimo kinachofuata huifuta.

Njia nyepesi ya kuichukua ni kitanzi cha programu: prosesa huanzisha kipimo, hungoja kiishe, husoma rejista na kuandika namba kumbukumbuni. Muda wote wa kungoja hakuna kazi nyingine inayofanyika. Prosesa akiitwa kwingine, kipimo huchelewa, na nafasi kati ya vipimo hazilingani tena.

DMA ni sehemu ya chipu hiyohiyo inayohamisha data yenyewe. Katika STM32F103, ADC1 huhudumiwa na chaneli ya 1 ya DMA1. Chaneli huelezwa mambo matatu: data inatoka wapi, inakwenda wapi, na ni namba ngapi:

```c
DMA1_Channel1->CPAR  = (uint32_t)&ADC1->DR;
DMA1_Channel1->CMAR  = (uint32_t)safu;
DMA1_Channel1->CNDTR = 400;
```

Tuseme chombo kinapima mkondo wa umeme wa hezi 50. Taima TIM3 huamsha ADC mara 10,000 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la milisekunde 20 hutoa vipimo 200. Safu ya nafasi 400 hubeba mawimbi mawili na hutumia baiti 800. DMA huwekwa katika hali ya mzunguko: ikifika mwisho wa safu, hurudi mwanzo. Nusu ya kwanza ikijaa, humwarifu prosesa, ambaye huikokotoa wakati nusu ya pili inajazwa. Kisha hubadilishana nusu. Prosesa hukatizwa mara 50 kwa sekunde badala ya mara 10,000.

Kosa la kawaida ni kusahau `MINC`, biti inayosogeza anwani ya kumbukumbu baada ya kila namba. Dalili yake ni kwamba `safu[0]` hubadilika daima, huku nafasi nyingine zikibaki sifuri. Kosa jingine ni kuhamisha biti 8 badala ya 16. Hapo biti za juu za kila kipimo hupotea, na namba zilizo katika safu hazilingani na volti.

Kikomo cha mpango huu ni muda. Hesabu za nusu moja zisipokwisha ndani ya milisekunde 20, DMA haingoji. Huandika juu ya data ambayo bado inasomwa, na wimbi huonekana limekatika. Kulitambua hilo, programu husoma `CNDTR`, inayohesabu kushuka kutoka 400, mara tu hesabu za nusu ya kwanza zinapokwisha. Ikiwa inasomeka zaidi ya 200, DMA imekwisha kurudi mwanzo wa safu. Dawa ni kufupisha hesabu.