Tovuti Ikikwambia 502: Mgeni Afanye Nini, Mwenye Tovuti Aanzie Wapi

Ni saa mbili usiku, mteja amejaza fomu ya kununua doti mbili za kitenge kwenye duka la mtandaoni. Anabonyeza kitufe cha kulipia, na badala ya risiti anaona ukurasa mweupe wenye mistari miwili:

```
502 Bad Gateway
nginx/1.24.0
```

Mteja anadhani simu yake ndiyo mbovu. Mwenye duka akipigiwa simu, anadhani seva yote imezimika. Wote wawili wanakosea, na ukurasa huohuo mfupi unatosha kuonyesha kwa nini.

Tovuti nyingi hazihudumiwi na programu moja. Mbele huwa kuna programu inayopokea maombi ya wageni, na hiyo nginx iliyotajwa kwenye mstari wa pili ni mojawapo maarufu. Nyuma yake kuna programu nyingine inayotengeneza kurasa zenyewe: kwa tovuti ya WordPress, kazi hiyo hufanywa na PHP-FPM. Ni kama mhudumu wa hotelini na mpishi. Mhudumu amechukua oda yako, ameipeleka jikoni, na amerudi kukwambia kwamba jikoni hakupata jibu la maana. Kwa hiyo 502 ni ushahidi kwamba simu yako imefika kwenye seva na kwamba seva ya mbele iko hai. Kama seva yote ingekuwa imezimika, hakungekuwa na wa kukuletea ujumbe huo, na kivinjari chenyewe ndicho kingesema kimeshindwa kuifikia tovuti.

Kwa mgeni, basi, kuna machache ya kufanya. Afungue tovuti nyingine. Ikifunguka, intaneti yake ni nzima. Asubiri dakika moja au mbili, kisha aufungue ukurasa upya, maana mara nyingine 502 hutokea katika zile sekunde chache ambazo programu ya nyuma inawashwa upya. Kufuta historia ya kivinjari au kuzima ruta hakusaidii, kwa sababu hitilafu haiko upande wake. Kuna hali moja tu ya pekee: ofisi nyingine hupitisha intaneti yote ya wafanyakazi kwenye seva yao ya kati, nayo inaweza kutoa ujumbe huu. Hapo jaribu tovuti kwa bando la simu yako. Ikifunguka, mwone fundi wa ofisini.

Jambo la kuwa nalo makini ni malipo. Ujumbe wa 502 unasema kwamba jibu halikurudi salama. Hausemi kwamba ombi halikushughulikiwa. Huenda programu ya nyuma iliandika oda yako na kutuma maombi ya malipo kabla haijakatika. Mteja wetu wa vitenge asibonyeze tena haraka. Kwanza aangalie kama ameingia ujumbe wa muamala kwenye simu, au kama salio limepungua. Ikiwa pesa imekatwa, awapigie wenye duka na kuwapa namba ya muamala, asilipe mara ya pili.

Tumgeukie sasa mwenye duka. Wengi hukimbilia kuiwasha seva upya, na mara nyingine tovuti inarudi. Lakini chanzo kinabaki kilekile, na kesho usiku kitarudi. Kabla ya kugusa chochote, afungue picha moja ya bidhaa kwa anwani yake kamili, ile inayoishia na .jpg. Kwa kawaida picha hutolewa na nginx yenyewe bila kumsumbua PHP. Picha ikifunguka na ukurasa ukatoa 502, amekwisha kujua kwamba shida iko nyuma ya nginx. Wala asianze na hifadhidata: hifadhidata ikigoma, WordPress huwa bado inafanya kazi kiasi cha kusema yenyewe kwamba imeshindwa kuunganishwa nayo.

Hatua inayofuata ni kusoma logi ya makosa ya nginx. Kwenye seva ya Ubuntu, mistari yake ya mwisho huonekana hivi:

```
sudo tail -n 20 /var/log/nginx/error.log
```

Tuseme mwenye duka amesasisha seva yake mchana kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04, na kwenye logi anakuta maneno haya:

```
connect() to unix:/run/php/php8.1-fpm.sock failed
(2: No such file or directory) while connecting to upstream
```

Kila kitu kiko hapo. Nginx imejaribu kuongea na PHP kupitia faili la mawasiliano liitwalo soketi, na faili hilo halipo. Ubuntu 22.04 ilikuja na PHP 8.1, na 24.04 imekuja na PHP 8.3, kwa hiyo jina la soketi limebadilika. Mipangilio ya nginx bado inalitaja lile la zamani. Ahakikishe kwanza kwamba PHP mpya inafanya kazi:

```
systemctl status php8.3-fpm
```

Ikionyesha `active (running)`, afungue faili la tovuti yake ndani ya `/etc/nginx/sites-available/`, atafute mstari unaoanza na `fastcgi_pass`, na abadilishe 8.1 kuwa 8.3. Kisha aikague mipangilio kabla ya kuitumia:

```
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
```

Namba iliyo ndani ya mabano ya logi ndiyo ya kuitazama. Mbili ni soketi isiyopo, kama tulivyoona. Kumi na tatu, `Permission denied`, ni kwamba soketi ipo lakini nginx haina ruhusa ya kuitumia. Mia moja kumi na moja, `Connection refused`, ni kwamba anwani ni sahihi lakini hakuna programu inayosikiliza. Mara nyingi PHP imezimika.

Iliyo ngumu zaidi ni 502 inayokuja na kuondoka, hasa saa za wateja wengi. Hapo logi huonyesha `104: Connection reset by peer`: PHP ilianza kazi, ikakatika njiani. Mshukiwa wa kwanza ni RAM. Tuseme seva ina RAM ya GB 1, kila mchakato wa PHP unakula MB 60, na mpangilio wa `pm.max_children` umewekwa 30. Wageni wakijaa, PHP peke yake itataka MB 1,800. Mfumo utaanza kuua michakato ili usianguke, nao huacha alama:

```
sudo dmesg -T | grep -i "out of memory"
```

Ukiona mistari yenye `php-fpm`, punguza idadi hiyo ilingane na RAM iliyopo, kwa mfano hadi 8, au ongeza RAM. Kuongeza `pm.max_children` kwa kudhani kwamba utahudumia wengi zaidi kutazidisha 502.

Kwa aliyepanga nafasi kwenye seva ya pamoja, ambako hana ruhusa ya kusoma logi hizo, kazi yake ni kumpa mtoa huduma taarifa zinazotosha: saa kamili tatizo lilipotokea, anwani ya ukurasa, picha ya skrini, na kama picha za bidhaa zilikuwa zinafunguka wakati huo. Saa kamili ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu fundi huitumia kutafuta mstari mmoja kati ya maelfu yaliyomo kwenye logi.