Kabla Hujaigeuza Simu Kuwa Rimoti

Rimoti ikipotea, wengi wetu hukimbilia Play Store, tukapakua programu ya kwanza tunayoiona, tukabonyeza weee na king'amuzi kikakaa kimya. Mara nyingi kosa si la programu. Simu yenyewe haina taa ya infraredi, na hakuna programu inayoweza kuiotesha.

Angalia ukingo wa juu wa simu yako. Kidoa cheusi kinachong'aa, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, huenda ndiyo taa yenyewe. Redmi nyingi wanayo. Samsung waliiweka kwenye Galaxy S4, S5 na S6, kisha wakaiacha. iPhone haijawahi kuwa nayo. Ukitaka uhakika, bonyeza kitufe kwenye programu ya rimoti huku ukingo huo ukitazama kamera ya simu nyingine, hasa ile ya mbele. Macho hayauoni mwanga huo, lakini kamera nyingi huuonyesha kama mmweko wa zambarau.

Mwanga wenyewe hupepesa, kwa kawaida mara 38,000 kwa sekunde, ukikatwakatwa kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo ndiyo amri. Kila mtengenezaji ana kodi zake. Ndiyo maana TV ya LG huitika upesi, lakini king'amuzi kikakusumbua.

Tuseme una Redmi yenye programu ya Mi Remote. Washa king'amuzi, gusa alama ya kujumlisha, chagua Set-top box, kisha kampuni yako. Utaletewa kitufe cha kujaribu na kuulizwa kama kifaa kimeitika. Ukijibu hapana, inakuja kodi nyingine. Usiridhike mapema: kodi inaweza kuzima na kuwasha vizuri, halafu namba za chaneli zisifanye kazi. Jaribu sauti, namba na menyu kabla ya kuhifadhi. Na kama king'amuzi kimefungiwa ndani ya kabati la mbao, fungua mlango; mwanga huu haupenyi mbao.

Simu isiyo na taa bado inaweza kuongoza TV janja kwa Wi-Fi. Kwa TV za Android, programu ya Google TV inatosha: simu na TV ziwe kwenye mtandao mmoja, kisha uandike kwenye simu kodi inayotokea kwenye kioo cha TV. Mtego upo siku mtakapobadilisha nywila ya Wi-Fi. TV inapoteza mtandao, simu haiifikii tena, na rimoti ya kuingizia nywila mpya ndiyo hiyo iliyopotea. Chomeka mausi ya kompyuta kwenye tundu la USB. TV nyingi za Android huikubali.

Lakini kama simu haina taa na king'amuzi hakina Wi-Fi, usiendelee kuchoma bando. Kapige picha lebo ya modeli iliyo chini ya king'amuzi, uende nayo dukani ukanunue rimoti.