Bima ya gari binafsi, abiria wa kulipa

Dereva mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ametuandikia hivi: "Nina Toyota IST niliyoinunua kwa ajili ya familia. Niliikatia bima kubwa, nikalipa shilingi 619,500. Miezi minne sasa, nikitoka kazini jioni nawasha programu ya simu nabeba abiria hadi saa nne usiku. Wiki iliyopita mwenzangu alipata ajali akiwa na abiria, kampuni yake ya bima ikakataa kumlipa. Je, mimi nitalipwa? Na nikipata ajali Jumapili nikiwapeleka watoto kanisani?"

Ndugu yangu, kwa safari ya abiria wa kulipa, jiandae kukataliwa. Ya kanisani ina maelezo yake.

Itafute hati ya bima yenyewe, kwa sababu stika haitoshi. Wengi wanaokata bima kwa wakala huondoka na stika na risiti, hati hawajawahi kuiona. Iombe. Ndani yake kuna sehemu ya mipaka ya matumizi. Kwa gari binafsi, kwa kawaida imeandikwa kwamba gari litumike kwa shughuli za nyumbani, matembezi na kazi za mwenyewe, na kwamba bima haihusu kulikodisha wala kubeba watu kwa malipo. Maneno hayo machache ndiyo yaliyomkwamisha mwenzako.

Hapa neno "kubwa" linawapoteza wengi. Bima kubwa ni kubwa kwa sababu inalipa gari lako pamoja na hasara ya uliyemgonga, tofauti na bima ndogo inayomwangalia huyo wa pili tu. Haina maana kwamba gari linaruhusiwa kila kazi. Ada yako ilipigwa kwa gari linalokwenda kazini na kurudi, si kwa gari linalozunguka mjini kila usiku.

Kampuni itajuaje? Abiria wako akihojiwa na polisi ataeleza alikuwa anakwenda wapi na nauli ilikuwa kiasi gani, na safari yenyewe imebaki kwenye programu ikiwa na saa na dakika. Usimwombe abiria aseme ni shemeji yako. Madai ya uongo yanaweza kukunyima hata haki uliyokuwa nayo. Na usijifariji kwamba kiti cha nyuma kilikuwa kitupu: ukiwa njiani kumfuata mteja, kampuni ina nafasi ya kusema umeshaanza kazi ya malipo.

Sasa Jumapili. Kipengele cha matumizi huangalia gari lilikuwa likifanya nini wakati wa ajali, na kuwapeleka watoto kanisani ni matumizi binafsi kabisa. Lakini kuna suala la pili, nalo ni ukweli wa maelezo yako. Kwenye fomu ya maombi uliulizwa matumizi ya gari ukajibu "binafsi", na siku ile ulisema kweli. Ila hati nyingi zinakutaka utoe taarifa matumizi yakibadilika. Zaidi ya hapo, ukihuisha bima mwakani ukajaza tena "binafsi", utakuwa umeficha jambo ambalo lingebadilisha ada, na kampuni inaweza kuukataa mkataba mzima, hata kwa ajali ya Jumapili.

Usitegemee pia kwamba utampiga mtu kikumbo na bima ikamalizana naye. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakulazimisha uwe na bima kwa ajili ya watu wa nje, lakini ukiwa nje ya masharti, deni linaweza kurudi kwako, ukajikuta unauza kiwanja.

Kwa kuwa umebakiwa na miezi minane, nenda kwenye kampuni ukaombe bima ihamishiwe daraja la biashara ya abiria. Chukua mfano: nyongeza ya mwaka ikiwa 300,000 kabla ya kodi, ukitozwa kwa miezi iliyobaki itakuwa 200,000, nayo kabla ya kodi. Uliza pia kama abiria wenyewe wakiumia wamo, na ni wangapi. Dai kiambatanisho cha maandishi chenye tarehe, kisha ukague stika mpya kwenye mfumo wa TIRA MIS. Mpaka ukipate mkononi, programu ibaki imezimwa. Leseni ya LATRA ifuatilie kando, maana bima haiwi mbadala wake.

Mwenzako naye adai sababu ya kukataliwa kwa maandishi, na kipengele kitajwe. Kama wakala alijua tangu mwanzo kwamba gari ni la abiria, akaandika "binafsi" ili ada ishuke, atafute ujumbe wa simu waliotumiana siku ile. Huo ndio wa kupeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.