Vigezo viwili, kanuni tatu

Kufundisha mtandao wa neva ni kurekebisha namba zilizomo ndani yake, ambazo huitwa vigezo. Kila kigezo hupata gradienti: namba inayoonyesha kosa linapanda kwa ukali gani, na upande gani. Kanuni ya msingi huizidisha gradienti hiyo kwa kiwango kidogo, tuseme 0.001, kisha huitoa kwenye kigezo.

Sasa tazama vigezo viwili. Cha kwanza kinapata gradienti 10, kisha -10, kisha 10 tena, kinarushwa huku na huku. Cha pili kinapata 0.1 kila mara. Njia yake imenyooka, lakini kinasogea 0.0001 tu. Ukiongeza kiwango ili cha pili kiende haraka, cha kwanza kinazidi kuyumba.

Momentum, wazo la Boris Polyak la mwaka 1964, hubakiza 0.9 ya mwendo uliopita na kuongeza gradienti mpya. Zinazoelekea upande mmoja hulimbikizana, hivyo 0.1 hukua taratibu hadi kukaribia 1. Zinazopingana hupunguzana, na 10 hushuka hadi kama 5.3. Ni nafuu kubwa, ila kinachoyumba bado kinapiga hatua ndefu mara tano.

RMSProp, ambayo Geoffrey Hinton aliieleza katika mhadhara wa mtandaoni mwaka 2012, hutunza wastani wa miraba ya gradienti, kisha huigawa gradienti kwa kipeuo cha pili cha wastani huo. Kumi kwa kumi ni 1, 0.1 kwa 0.1 pia ni 1. Vigezo vyote viwili sasa vinasogea 0.001. Lakini mraba hufuta alama ya kutoa, kwa hiyo kinachoyumba kinaendelea kuyumba kwa hatua ileile.

Mwaka 2014 Diederik Kingma na Jimmy Ba waliunganisha mawazo hayo mawili, wakaiita kanuni yao Adam:

```
m = 0.9*m + 0.1*g
v = 0.999*v + 0.001*g*g
mh = m / (1 - 0.9**t)
vh = v / (1 - 0.999**t)
w = w - 0.001*mh / (sqrt(vh) + 1e-8)
```

Baada ya hatua nyingi, kigezo cha pili kinasogea 0.001, na cha kwanza kama 0.00005 tu. Hapo ndipo nguvu ya Adam ilipo: hatua hufuata uthabiti wa gradienti, wala si ukubwa wake.

Mistari ya `mh` na `vh` isidharauliwe. Wastani zote mbili huanzia sifuri, na `v` hujaa polepole kuliko `m`. Bila marekebisho hayo, hatua ya kwanza kabisa huwa zaidi ya mara tatu ya iliyokusudiwa, na kosa linaweza kuruka juu mwanzoni mwa mafunzo.

Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta. Adam huhifadhi namba mbili za ziada kwa kila kigezo, Momentum moja. Kwa modeli ya vigezo bilioni 1, namba moja ikichukua baiti 4, Adam inadai gigabaiti 8 zaidi.